Tupeane uzoefu: mnaandikaje namba za mita ya maji kutoka kwenye picha na bili?

Mama Ploti, Nakuru
Habari zenu. Nina ploti ya nyumba sita hapa Lanet. Kila nyumba ina mita yake ndogo ya maji, na mita kubwa iko getini. Mwanzo wa mwezi keateka hupiga picha za mita zote, ananitumia kwa WhatsApp, nami naandika kwenye Excel tarehe, namba ya mita na yuniti zilizotumika.

Mwezi wa pili nyumba namba 4 ikatokea yuniti 22. Mama anayekaa humo ana watoto wawili na hajawahi kupita 13. Nikamwita fundi, akachimba kando ya ukuta akitafuta bomba linalovuja, hakupata kitu. Mama wa watu akalipa zile 22 akinung'unika, na mwezi uliofuata ikatokea yuniti 2. Sasa hataki hata kunisalimia na inaniuma, kwa sababu ni mpangaji wa miaka mitano. Naomba kila mmoja aseme anavyoandika, na mahali alipowahi kukosea.

Msomamita Mstaafu, Kisumu
Mama, kabla hatujaenda mbali, tuwekee namba zenyewe za nyumba hiyo jinsi ulivyoziandika. Usituwekee yuniti peke yake.

Mama Ploti, Nakuru
Tarehe 3 mwezi wa kwanza: 187. Tarehe 3 mwezi wa pili: 209. Tarehe 4 mwezi wa tatu: 211.

Msomamita Mstaafu, Kisumu
Asante. Toa 187 kwenye 211, unapata yuniti 24 kwa siku 60. Hiyo ni kama 12 kwa mwezi, matumizi yake ya siku zote. Maji hayakupotea popote. Namba ya katikati ndiyo iliyosomwa vibaya.

Hili nililiona mara nyingi nikiwa kazini. Kosa la kusoma hujirudisha lenyewe: ukizidisha mwezi huu, mwezi ujao utapungua kwa kiasi kilekile, kwa sababu mita haijui ulichoandika. Bomba linalovuja halifanyi hivyo. Likianza kuvuja, kila mwezi unabaki juu hadi litengenezwe. Kwa hiyo ukiona mwezi mmoja umepanda ghafla, kabla ya kuchimba, rudi kwenye picha. Tena siku hiyohiyo mwambie keateka asome mita upya, maana namba ya leo haiwezi kuwa chini ya ile ya wiki iliyopita. Kama ungefanya hivyo tarehe 5, ungekuta 200 hivi na jambo lingeishia hapo.

Picha ya mwezi wa pili bado unayo?

Mama Ploti, Nakuru
Ninayo. Nimeikuza sasa hivi. Magurudumu matatu ya mwisho ya rangi nyeusi yote yamekaa katikati, yaani la mamia liko kati ya 1 na 2, na yale mawili yako kati ya 9 na 0. Nilidhani ni 209.

Kijana wa Nyalenda
Hiyo ni rahisi, mama. Gurudumu likikaa katikati ya namba mbili, andika ile ndogo. Mimi hufanya hivyo kwa mita zote za mjomba wangu.

Msomamita Mstaafu, Kisumu
Umekaribia, mwanangu, lakini hapo utaumia. Kati ya 9 na 0, ndogo ni 0, na ukiiandika umekosea. Andika ile inayoondoka, si ile inayoingia. Baada ya 9 inaingia 0, kwa hiyo inayoondoka ni 9. Mama alichukua 2 inayoingia, akachukua 0 inayoingia, kisha akachukua 9 inayoondoka. Ndivyo 199 ilivyogeuka 209. Gurudumu la kushoto haliwezi kumaliza kugeuka kabla la kulia halijafika 0, kwa hiyo soma kuanzia kulia.

Weka 199 pale na hesabu inakaa: 12 mwezi wa pili, 12 mwezi wa tatu.

Mama Ploti, Nakuru
Mungu wangu. Nilimtoza yuniti 10 za ziada. Mwezi uliofuata alilipa 2 tu, kwa hiyo jumla iko sawa, lakini leo jioni naenda kumwonyesha picha yenyewe.

Baba Tokeni, Bungoma
Mimi shida yangu ni stima. Naandika namba ya kwenye skrini kila mwezi lakini matumizi yanatoka hasi! Mita yangu imeharibika?

Mwalimu wa Kakamega
Ndugu, hapa tulikuwa kwenye maji, lakini mita yako ni nzima. Ya tokeni huonyesha yuniti zilizobaki, kwa hiyo hushuka ukitumia na kupanda ukinunua. Chukua zilizobaki mwezi uliopita, jumlisha ulizonunua, toa zilizobaki leo. Ulikuwa na 31.2, ukanunua 22.4 mara mbili, leo zimebaki 18.5: umetumia 57.5. Ulizonunua zitoe kwenye ujumbe wa tokeni palipoandikwa `Units`. Usikisie kwa pesa, kwa sababu pesa zilezile hazikupi yuniti zilezile kila mwezi.

Nami nichangie kosa langu. Kwa mwaka mzima niliandika tarehe ya picha kuwa siku niliyoipokea. WhatsApp ikihifadhi picha huipa jina kama `IMG-20250209-WA0004.jpg`, na hiyo 0209 ni siku ilipoingia kwenye simu yangu. Keateka alikuwa amepiga tarehe 3, akakaa nayo hadi apate bando. Mwezi ukawa unaonekana na siku 23 badala ya 29, na matumizi ya kila siku yakapanda bure. Sasa hunitumia picha kama dokumenti, hivyo jina la kamera halibadiliki. Tarehe ikiwa safu A na namba ya mita safu B, ya siku moja naitoa hivi:

```
=(B3-B2)/(A3-A2)
```

Dada wa Milimani, Kisumu
Na bili je? Mimi sina mita ndogo, nakopi kutoka kwa bili. Mwaka jana bili moja ilisema namba ya sasa ni 430 kutoka 412, yuniti 18. Iliyofuata ikasema 427! Nilijua nimekopi vibaya.

Msomamita Mstaafu, Kisumu
Hukukosea, binti yangu. Ile 430 ilikuwa makadirio, hakuna mtu aliyefika kwenye mita. Hukumu ni hiyo 427. Umetumia yuniti 15 kwa miezi miwili, na ya kila mwezi huwezi kuijua kwa bili pekee. Ongeza safu moja ya kuandika namba ilitoka wapi: picha, bili iliyosomwa, au bili ya makadirio. Ya makadirio iache kwenye jedwali lakini usiitolee hesabu ya matumizi. Na siku unayopata bili, piga picha ya mita yako ulinganishe.

Kijana wa Nyalenda
Mzee, na zile namba nyekundu? Mimi naziandika baada ya nukta.

Msomamita Mstaafu, Kisumu
Ni sehemu ya yuniti moja, yaani lita. Kwa bili sikuwahi kuziandika. Hatari ni kusahau nukta: 214.6 ikawa 2146.

Mwalimu wa Kakamega
Hapo tutatofautiana, mzee wangu. Kwa nyumba ya mtu mmoja anayetumia yuniti 3 kwa mwezi, bila nyekundu 2.1 na 3.9 zinaweza zote kuonekana 3. Mimi naziandika.

Mama Ploti, Nakuru
Nimerudi. Amenipokea na chai. Lakini ameniuliza swali ambalo sikuwa na jibu: mita sita ndogo zikijumlishwa mwezi wa tatu ni 61, na ya getini inasema 66. Hizo 5 ni za nani? Picha zote zilipigwa asubuhi moja.

Msomamita Mstaafu, Kisumu
Kuna bomba la bustani kabla ya mita ndogo?

Mama Ploti, Nakuru
Lipo moja, la kufulia. Kesho nitalifunga usiku na keateka apige picha ya mita ya getini saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Nitaleta namba.