Niko katikati ya kusakinisha Linux Mint, RAM ni GB 8: swap niikatie kiasi gani?

Kijana_Umoja

Habari za jioni wakuu. Nimenunua laptopu ya mtumba pale Luthuli Avenue, RAM GB 8, SSD GB 256. Windows nimeshaifuta, naweka Linux Mint peke yake. Nimefika kwenye ile sehemu ya "Something else" na hapo ndipo nimekwama. Kuna chaguo la "swap area", lakini binamu yangu anasema siku hizi hakuna haja, Mint inajitengenezea faili.

Kazi yangu ni hesabu za biashara mbili tatu mtaani: LibreOffice na kivinjari chenye kurasa nyingi. Betri imechoka na huku kwetu stima hupotea bila hodi, kwa hivyo nataka Hibernate ifanye kazi. Nikate patisheni au niache faili? Na ukubwa?

Buda_wa_Ngara

Mara mbili ya RAM, bosi. GB 8 mara mbili ni 16. Tulifundishwa hivyo chuoni na haijawahi kuniangusha.

Dadake_Seva

Usikate kitu. Tumia zram. Inabana data ndani ya RAM yenyewe, SSD haiguswi, na ni kasi zaidi. Fedora wanaiweka yenyewe tangu toleo la 33 la mwaka 2020.

Mzee_Terminali

@Dadake_Seva, kwa mtu asiyetaka Hibernate ningekuunga mkono. Lakini zram inaishi ndani ya RAM, na stima ikikatika RAM inafutika yote. Hibernate inahitaji kuandika hali ya mashine mahali panapobaki mashine ikizima, yaani kwenye diski.

@Buda_wa_Ngara, hesabu ya mara mbili ni ya enzi ambazo kompyuta ilikuwa na RAM ya MB 256. Ukiifuata leo kwenye mashine ya GB 32 utatupa GB 64 za diski bure.

Sasa kijana, jibu lako lote linategemea hiyo Hibernate. Bila hiyo ningekwambia acha ile `/swapfile` ya karibu GB 2 ambayo Mint huunda yenyewe, uendelee na maisha. Ukiitaka, swap inapaswa kumeza RAM iliyo na kazi wakati huo, pamoja na vitu vilivyokwisha kuhamia huko mapema. Ndiyo maana usikate GB 8 kamili. Siku umefungua kila kitu, GB 2 za swap tayari zimejaa, zimebaki 6, na unabonyeza Hibernate: inaweza kukataa. Mimi ningeandika 12000 kwenye kisanduku cha ukubwa (hapo huhesabu kwa MB), nichague "swap area", zilizobaki zote ziwe ext4 ya `/`.

Kuhusu patisheni au faili: kwa kasi, kwenye SSD hutaona tofauti. Tofauti iko wakati wa kuamka. Mashine ikiwaka, inatafuta ile hali iliyohifadhiwa kabla hata ya kufungua mfumo wa mafaili. Patisheni inaitambua kwa UUID. Faili haionekani bado, kwa hivyo lazima uitajie keneli faili inaanzia wapi ndani ya diski, kwa `resume_offset`, namba unayoitoa kwenye `sudo filefrag -v /swapfile`. Inafanya kazi vizuri, ila ukija kuifuta faili na kuiunda upya ili kuiongeza, namba inabadilika na Hibernate inakufa kimyakimya: mashine inazima kama kawaida, ikiwaka inakuja mpya, kazi yako haipo. Kwako wewe, kata patisheni.

Mama_Saiba_Donholm

Samahani naingilia. Mimi nina saiba, na mashine moja yenye Linux mbili. Tangu niweke ile ya pili, ya kwanza inachukua dakika moja na nusu kuwaka, inasema "A start job is running for /dev/disk/by-uuid". Hiyo ni swap imekuwa ndogo? Niongeze?

Mzee_Terminali

Hapana mama, ukubwa hauna makosa. Ulipoweka ya pili, kisakinishi kiliifomati upya ile swap ya zamani na kuipa UUID mpya. Ile ya kwanza bado inaisubiri ya zamani kwa sekunde 90, kisha inakata tamaa. Endesha `sudo blkid`, nakili UUID ya mstari wenye `TYPE="swap"`, uiweke kwenye `/etc/fstab` ya ile ya kwanza. Zote mbili zinaweza kutumia swap moja, lakini usiilaze moja kwa Hibernate kisha ukawasha nyingine.

Kijana_Umoja

Nimekata 12000, usakinishaji umeisha salama. Mambo mawili. `swapon --show` inasema 11.2G, zingine zimeenda wapi? Na `systemctl hibernate` imekataa kabisa.

Mzee_Terminali

Hazijapotea. Kisakinishi kilihesabu kwa elfu, `swapon` inahesabu kwa 1024. Kwa kukataa, nipe jibu la hizi:

```
mokutil --sb-state
sudo update-initramfs -u
```

Kijana_Umoja

Ya kwanza: `SecureBoot enabled`. Ya pili imetaja kwamba "will attempt to resume from" ile patisheni yangu.

Mzee_Terminali

Basi swap iko sawa. Secure Boot ikiwa imewashwa, keneli inajifunga na kuzuia Hibernate, hata ukiwa na swap ya GB 100. Izime kwenye BIOS. Kisha jaribu hivi: andika sentensi kwenye hati bila kuihifadhi, lala, washa. Sentensi ikiwepo umemaliza.

Dadake_Seva

Wenye Windows pembeni msiige hilo haraka. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ukigusa Secure Boot inaweza kukudai ufunguo wa dharura. Tafuteni ufunguo kwanza.

Kijana_Umoja

Sentensi ipo! Asante mzee. Kwa hivyo sasa stima ikipotea mashine itajilaza yenyewe?

Mzee_Terminali

Usitegemee hilo na betri ya aina yako. Betri iliyochoka husoma asilimia 30 kisha ikaanguka sifuri, na kuandika GB kadhaa kunahitaji sekunde za uhai. Ikikatika katikati ya kuandika, utawaka upya kana kwamba hukulala. Taa zikizima tu, bonyeza mwenyewe.

Buda_wa_Ngara

Na akiongeza RAM ifike 16? Hizo 12 zitamwacha solemba. Angenisikiliza angekuwa ametulia.

Mzee_Terminali

Hapo una hoja, ingawa umefika kwa njia nyingine. Kuongeza faili ya swap pembeni hakutamsaidia, maana ile hali huandikwa mahali pamoja tu. Lakini haiandikwi RAM nzima: keneli hutupa kwanza vilivyohifadhiwa kwa muda na huandika vinavyotumika tu. Kwa LibreOffice na kivinjari sidhani atavuka 12.

Dadake_Seva

Hujaona kivinjari cha mhasibu mwisho wa mwezi. Mimi ningekata 18 leo kabla diski haijajaa.

Kijana_Umoja

Bado sijaweka kazi yoyote ndani. Kuikuza ile patisheni sasa ni lazima nisakinishe upya, au naweza kuwasha kwa flashi na kutumia GParted?

Mzee_Terminali

Flashi na GParted inatosha. Punguza kwanza `/`, kisha panua swap, na ukimaliza angalia `blkid` kama UUID ni ileile.