Mrejesho: kiti mwendo cha mama kinachoisha chaji mapema

Niliuliza: "Kiti mwendo cha umeme cha mama zamani kilienda sokoni Tandika na kurudi, sasa kinazima njiani, tatizo chaja au betri?"

Wakuu nimerudi. Chaja ni nzima, fundi aliipima ikiwa inachaji ikapanda mpaka volti 28.8 halafu taa ikawa kijani, kwa betri mbili za jeli za volti 12 hapo iko sawa. Plagi moja ilikuwa na kutu ya kijani, si unajua hewa ya Dar, tukaisafisha na kuibana lakini mwendo ukabaki uleule.

Sasa utamu uko hapa. Zikiwa zimepumzika betri zote zinasoma 12.8, ungeapa ni nzima, ila mama alipopanda kile kimlima cha mtaani huku fundi anaambaa naye na mita mkononi, moja ikabaki 12.2 nyingine ikadondoka hadi 10.3, akiachia tu inarudi juu, ndo betri iliyochoka hiyo.

Muuza duka Kariakoo alitaka nibadili moja, fundi akakataa, eti ya zamani ingeishiwa mapema na kuburuzwa na mpya. Nimenunua pea, mama kashaanza kudai apelekwe Temeke.