Naomba ushauri: PS4 inajizima na umeme wa mtaani hautulii

Wanajukwaa, habari zenu. PS4 yetu hujizima ghafla, kana kwamba mtu amechomoa waya, pale mchezo mzito unapoanza, ilhali kwenye menyu au kutazama filamu hutulia. Ikishajizima huwaka taa ya buluu kidogo, hutoa mlio mmoja na kuzima tena. Feni inazunguka vizuri na hakuna onyo la joto kwenye skrini, ndiyo maana ninashuku pawa saplai, ambayo huenda kapasita zake zimechoka na volti 12 inazotoa zinaanguka mzigo unapoongezeka. Je, kuna dalili ya kuitofautisha na hitilafu ya bodi kuu kabla sijanunua nyingine?

Pia, mtaani kwetu jioni umeme hushuka hadi taa zinafifia, kisha hurudi kwa kishindo. Ninafahamu kuwa ekstensheni yenye kinga hukata miruko ya ghafla tu, wala haizuii umeme mdogo au uliozidi kwa muda mrefu. Je, kifaa kinachokata umeme usiofaa na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha kinatosha, au ninunue stabilaiza?