Naomba ushauri: vitabu vya hesabu kwa mweka hazina wa kikundi cha hisa

Ndugu wanakikundi, habari zenu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 25, na elimu yangu ya uhasibu ni ndogo. Tunatumia daftari moja la kaunta lenye safu za tarehe, jina, fedha zilizoingia, zilizotoka na salio, na kila mkutano salio hulingana na fedha zilizohesabiwa sandukuni.

Ugumu uko kwenye marejesho ya mikopo. Kwa mfano, mwanachama aliyekopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, inayokokotolewa kwenye deni lililobaki, akirejesha 60,000 mwezi wa kwanza, 10,000 ni riba na 50,000 hupunguza deni, hivyo anabaki na 150,000. Daftari letu linaonyesha 60,000 tu, kwa hiyo salio liko sawa, lakini wakati wa mgao hatuwezi kujua faida ni kiasi gani bila kupekua kurasa zote. Mfuko wa jamii nao umo humohumo. Nimejaribu kuongeza safu ya riba, ila deni la kila mtu bado limetawanyika.

Naomba kuuliza: je, inatosha kumpa kila mkopaji ukurasa wake katika leja ya mikopo, huku daftari la fedha likibaki na jumla za siku? Na ni kitabu gani cha Kiswahili, chenye kurasa za mfano zilizokwisha kujazwa, mnachopendekeza kwa mtu wa kiwango changu?