Nakala za zamani za ukurasa wa katiba ya kikundi zinanirudisha ukurasa wa mwanzo

Nyar_Kisumu: Hamjambo. Kikundi chetu cha akiba cha wauza samaki hapa Kisumu kilijengewa tovuti upya, na katika katiba iliyowekwa sasa kifungu cha kumrudishia hisa mwanachama anayejiondoa hakipo. Mama mmoja anadai hisa zake na hana karatasi. Nimeingia Wayback Machine, ile hifadhi ya mtandaoni ya kurasa za zamani, lakini kila tarehe ya mwaka 2022 ninayobonyeza inanipeleka kwenye ukurasa wa mwanzo. Nifanyeje?

Mzee_wa_Nakuru: Dada, tafuta nakala ya kwanza isiyo na kifungu hicho, tarehe yake ndiyo siku kilipofutwa.

Nekesa_Bungoma: Mimi nilipoteza picha za harusi kwenye akaunti yangu ya Facebook. Je, zitapatikana huko pia?

Fundi_Wavuti: Dada wa Kisumu, angalia rangi za duara kwenye kalenda. Kijani humaanisha kwamba siku hiyo tovuti ilimwelekeza mgeni kwingine, nawe unaelekezwa vivyo hivyo. Buluu ndiyo yenye ukurasa wenyewe. Tumia anwani ya zamani kabisa ya ukurasa, kwa sababu tovuti ikijengwa upya anwani nazo hubadilika. Kisha andika hivi, ukiweka anwani yenu:

```
https://web.archive.org/cdx/search/cdx?url=mfano.example/katiba.html&filter=statuscode:200&collapse=digest
```

Utaona tu nakala zilizofunguka vizuri, na zile zinazofuatana bila badiliko lolote zitaunganishwa kuwa mstari mmoja.

Mzee wangu, tarehe hiyo haitoshi. Hifadhi haipiti kila siku, kwa hiyo tunachojua ni kwamba kifungu kilitoweka kati ya nakala ya mwisho iliyokuwa nacho na ya kwanza isiyokuwa nacho. Nekesa, picha zilizofungiwa nyuma ya nywila hifadhi haikuweza kuzifikia.

Nyar_Kisumu: Imeleta mistari miwili, na wa kwanza una namba 20190312223015 baada ya anwani. Kifungu kipo: hisa zirudishwe ndani ya siku 90! Naandika kwamba kilikuwepo tarehe 12 Machi 2019?

Fundi_Wavuti: Saa hizo ni za UTC, na kwetu huongezwa tatu, kwa hiyo ilikuwa saa saba na nusu usiku, tarehe 13. Taja namba nzima ya nakala, ili yeyote aifungue mwenyewe. Hifadhi pia ukurasa ghafi, usio na viungo vilivyobadilishwa na hifadhi, kwa kuongeza `id_` baada ya namba:

```
https://web.archive.org/web/20190312223015id_/http://mfano.example/katiba.html
```

Nyar_Kisumu: Nimehifadhi. Ila kiungo cha katiba iliyotiwa sahihi, faili ya PDF, hakifunguki.

Fundi_Wavuti: Faili hiyo huhifadhiwa peke yake, na kuhifadhiwa kwa ukurasa hakumaanishi kwamba nayo ilichukuliwa. Iulizie kwa anwani yake kwa njia ile ile ya kwanza. Ukipata orodha tupu, itabidi kumtafuta katibu wa wakati ule.