Makadirio ya kodi katikati ya mwaka: kuzidisha faida mara mbili, au kuikadiria nusu ya pili peke yake?

Mwenye Karakana: Mwaka wangu wa hesabu huanza Januari. Faida hadi Juni ni milioni 40, na ndani yake mna milioni 6 za kazi moja ya dharura ambayo haitajirudia. Bima ya mwaka mzima, milioni 4, niliiandika yote Januari. Kuanzia Oktoba nitapoteza mkataba unaoniingizia faida ya milioni 2 kwa mwezi. Nina pia hasara ya mwaka jana, milioni 10, inayokubalika kukatwa. Kiwango cha kodi ni asilimia 30, na awamu mbili kati ya nne nimeshalipa, milioni 6 kila moja. Nitumie njia ipi?

Mjasiri: Mimi hukata hasara, kisha nazidisha: 30 mara mbili ni 60, kodi milioni 18. Kazi imekwisha.

Fundi Hesabu: Ndugu Mjasiri, umekaribia kwa bahati tu. Kwa kuikata hasara kabla ya kuzidisha, umeikata mara mbili, na kosa hilo limefunika lile la kuhesabu kazi ya dharura na mkataba kana kwamba vitaendelea. Ianze nusu ya pili kwa 40, toa 6 za dharura, rudisha 4 za bima kwa kuwa haitalipwa tena, kisha toa 6 za mkataba kwa miezi mitatu: inabaki 32. Jumla ya mwaka ni 72. Ukikata hasara mara moja unapata 62, na kodi ni milioni 18.6.

Mama Duka: Kwani kodi ya ongezeko la thamani haipelekwi kila mwezi? Mimi sijawahi kukadiria.

Fundi Hesabu: Hiyo ni nyingine, Mama. Hapa tunazungumzia kodi ya faida.

Mjasiri: Basi agawe 18.6 kwa nne, alipe milioni 4.65 kila awamu iliyobaki.

Fundi Hesabu: Atakuwa amelipa 21.3, zaidi ya anachodaiwa. Kilichobaki ni 6.6, yaani 3.3 kila awamu. Ila zipo kanuni zinazotaka kila awamu ifikishe malipo kwenye sehemu yake ya makadirio mapya: awamu ya tatu ingekuwa 1.95, na ya mwisho 4.65. Soma kanuni inayokuhusu kabla ya kupeleka fedha.

Msafirishaji: Mwaka mmoja nilishusha makadirio kwa sababu mteja mkubwa aliaga, akarudi Novemba na oda kubwa kuliko zote. Sikurekebisha, nikatozwa riba ya kukadiria chini. Mkataba ukiwa na dalili yoyote ya kuendelea, mimi nisingeutoa.

Mwenye Karakana: Barua ya kusitisha ninayo, lakini meneja wao amenipigia jana akiuliza bei ya mwakani.

Fundi Hesabu: Bei ya mwakani si kazi ya Oktoba. Hata hivyo, ukiurejesha mkataba kodi inapanda kwa milioni 1.8 tu. Linganisha kiasi hicho na riba ya huko kwenu, kisha amua.