Naomba ushauri: wati za PoE kwenye swichi ya tawi jipya

Habari zenu wakuu. Naandaa maelezo ya kiufundi ya kununua swichi ya tawi letu jipya, Kariakoo. Kuna simu 12 za wati 7 (kompyuta zinachomekwa nyuma ya simu), kamera 6 za wati 13 na akses pointi 4 za wati 25. Jumla milango 22, wati 262. Muuzaji kaleta ya milango 24, ila PoE yake yote ni wati 195. Makao makuu yalishatukuta hayo: usiku kamera zikiwasha infraredi, simu zinazima.

Nimeandika wati 370, aplinki 2 za faiba, na waranti ya miaka 3, kifaa kibadilishwe hapahapa Dar.

Je, ninunue moja ya milango 24, au mbili ndogo ili moja ikifa tusikwame kabisa? Na aplinki za giga 1 zinatosha?